Kazi Imepokelewa, Simu Haishikwi

DIZAINA: Msimamo wangu ni mmoja: kazi ni yangu mpaka shilingi ya mwisho iingie. Mteja akishachukua faili za mwisho, akaanza kupuuza simu na huku anaitumia kazi, sioni tofauti yake na mtu aliyebeba kitu dukani akatoka bila kulipa. Kwa hiyo ningemwandikia mara moja kwamba hakimiliki bado iko mikononi mwangu, aiondoe kazi mtandaoni, asigawe nakala nyingine hata moja, na asipotii namwanika jina hadharani ili wenzangu wamjue. Watu hutuambia tuwe na subira. Subira hiyo hiyo ndiyo inayowalisha wateja wa namna hii, kwa sababu wameshajifunza kwamba fundi wa kalamu au wa kompyuta hunyamaza akinyamaziwa.

MWANDISHI: Hasira hiyo ina haki yake, lakini tuipime kwa kazi moja badala ya kuizungumzia hewani, kila mmoja wetu akisema kana kwamba yumo ndani yake. Tuseme chama cha akiba na mikopo mjini Nakuru kimempa dizaina ripoti ya mwaka ya kurasa 48. Bei ni shilingi 90,000. Arbuni ya 36,000 ililipwa kwa M-Pesa, na salio la 54,000 lilikubaliwa kulipwa "kazi ikiidhinishwa". Tarehe 11 Machi dizaina anatuma PDF ya kuchapa pamoja na faili za asili, kwa kuwa mkutano mkuu wa wanachama ni tarehe 28 na mpiga chapa anasubiri. Meneja anajibu "Asante sana, tumepokea", na hilo ndilo neno lake la mwisho. Aprili inakatika, ujumbe una tiki mbili za buluu, na simu inaita mpaka inakata. Swali langu ni hili: dizaina amebaki na nini mkononi? Kazi hana tena, alishaitoa. Mkutano umepita, kwa hiyo hata kuizuia hakumdhuru mtu. Alichobaki nacho ni deni. Naona anayeendelea kuifuata kazi anakimbiza kitu kilichoshatumika, ilhali anayelifuata deni ana mahali pa kushika. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ujumbe wa kwanza utakaoandika utategemea umechagua lipi.

DIZAINA: Ukisema sina kazi mkononi unanivua silaha yangu ya pekee. Sheria ya hakimiliki inamlinda aliyeunda. Mimi ndiye niliyepanga kurasa zile, nikachora chati za mikopo, nikachagua hati na rangi. Wao walileta takwimu tu. Hilo ndilo litakalomtia meneja hofu, si deni. Deni analo la kila mtu.

WAKILI: Dada, uko sahihi nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayokuumiza. Ni kweli kwamba hakimiliki huanzia kwa aliyeunda kazi. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Chama kiliagiza ripoti ile. Ninyi wawili hamkuandika lolote la kuzuia haki isihame. Basi ukiwaandikia kwamba ripoti ni yako waiondoe, na wao wana wakili mwenye kusoma, atakujibu kwa aya moja kwamba unadai mali isiyo yako. Kuanzia hapo mazungumzo hayahusu tena shilingi 54,000. Yanahusu tishio lako lisilo na msingi, na wewe ndiwe unayejitetea. Kama mngeandika sentensi moja tangu mwanzo, kwamba haki zote zitabaki kwa dizaina hadi salio lote lilipwe, ningekuwa upande wako leo, kwa kuwa kifungu chenyewe kinaruhusu makubaliano ya aina hiyo. Wengi hunakili masharti kutoka mikataba ya nchi nyingine ambako mambo huanzia upande wa pili, wakadhani ndivyo ilivyo hapa kwetu.

DIZAINA: Kwa hiyo sheria imempa haki asiyelipa?

WAKILI: Imempa haki juu ya kazi. Haikumwondolea deni. Ndiyo maana nakubaliana na Mwandishi kwamba umfuate kwa deni, ingawa yeye amefika hapo kwa njia nyingine.

MTAFSIRI: Naomba kuuliza, mbona hakuna anayesema kwamba labda mteja hakuipenda kazi? Mimi nilitafsiri vijitabu vya kampuni moja ya Muskati. Nikatuma rasimu ya mwisho, wakanyamaza miezi miwili. Kumbe bosi wao alikuwa anaisoma polepole, akarudi na masahihisho mengi, na mwishowe wakalipa. Tangu hapo mteja akinyamaza namwandikia kwa upole kwamba kama kuna jambo halijamridhisha, nitarekebisha bila malipo. Kunyamaza ni aibu ya mtu asiyetaka kukuambia kazi yako haikufaa. Tena kama dizaina anaona chama kinamwonea, si kuna mahakama ya vyama vya ushirika? Apeleke huko.

MWANDISHI: Kisa chako ni cha kweli na kinafaa, lakini kinajibu swali jingine, dada. Mteja wako hakuwa ameitumia kazi. Alikuwa bado anaisoma. Hapa wanachama wameshagawiwa ripoti ukumbini, na mwenyekiti amesimama mbele yao akiwafungulia ukurasa wa gawio. Mtu hachapi mamia ya nakala za kitu ambacho hakimridhishi. Ukimwandikia mteja wa namna hii kwamba uko tayari kurekebisha bila malipo, unaifungua upya kazi iliyokwisha, tena unamwonyesha mlango wa kutokea ambao yeye mwenyewe hakuwa ameuona. Upole ni mzuri, lakini uwe kwenye sauti ya ujumbe. Kilichomo ndani ya ujumbe kisibadilike: kazi imekwisha, imepokelewa, imetumika, na kilichobaki ni salio.

WAKILI: Na mbele ya mahakama sentensi yako ya upole ingesomwa dhidi yako. "Mwenyewe alikiri kazi ina kasoro." Kuhusu mahakama ya ushirika, ile inasikiza migogoro ya wanachama na chama chao, au ya vyama kwa vyama, juu ya shughuli za ushirika. Dizaina si mwanachama. Ni mtu aliyetoa huduma akadai ujira, na njia yake ni mahakama za kawaida.

MHASIBU: Nimewasikiza, na mnazungumza kana kwamba kimya ni mtu mmoja aliyekaa mahali akikusudia kukudhulumu. Mimi ndiye ninayelipa watu katika chama kama hicho, niwaambieni kinavyokuwa kwa ndani. Aliyeagiza kazi ni meneja. Anayeiidhinisha ni kamati. Anayetoa pesa ni mimi, na mimi silipi kwa kuona PDF nzuri, nalipa kwa karatasi. Nataka hati ya oda, nataka kijikaratasi kwamba kazi imepokelewa na nani, na nataka ankara. Na si ankara yoyote. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA katika hesabu za kodi, kwa hiyo ile ankara aliyoichapa kwenye kompyuta yake akaiambatisha na barua pepe ya tarehe 11, hata ikiwa na nembo ya kupendeza, kwangu ni barua tu. Naiweka kando nikisubiri nyingine. Nilimwambia meneja. Meneja alikuwa na mkutano mkuu kichwani, hakumwambia dizaina. Dizaina akampigia meneja, meneja akaona aibu kusema hajui pesa zimekwama wapi, akaacha kushika simu. Mimi mwenyewe simu yangu haijaita hata siku moja.

DIZAINA: Mama, kwa hiyo ni kosa langu?

MHASIBU: Sikusema kosa. Nasema unagonga mlango ambao si wa chumba chenye pesa. Tena kuna neno kwenye makubaliano yenu linalonifunga mikono hata kama ningetaka kukulipa leo. "Kazi ikiidhinishwa." Nani aliidhinisha? Kwenye kumbukumbu za kamati sioni azimio, sioni barua, sioni sahihi. Katika vitabu vyangu hilo bado si deni lililofika wakati wake. Ni ahadi inayongoja tukio.

MWANDISHI: Hapo Mama Mhasibu ametaja jambo ambalo naliona kuwa chimbuko la taabu hii nzima, nanyi mniruhusu nikae nalo kidogo. Makubaliano mengi ya kazi za kuandika, kuhariri, kutafsiri na kusanifu hufunga salio kwenye tendo ambalo mteja peke yake anaweza kulifanya. Huwa ni "Baada ya kuridhika," "Baada ya kuidhinishwa," au "Baada ya marekebisho ya mwisho." Mnapoandika mnaona ni heshima kwa mteja. Lakini maana yake ni kwamba siku ya malipo haipo kwenye kalenda, ipo kinywani mwa mteja, na akifunga kinywa hicho siku haifiki. Hahitaji kukataa kulipa, wala kusema uongo wowote. Anyamaze tu, na kwa maandishi yenu wenyewe hana kosa. Ndiyo maana kimya huja hasa baada ya rasimu ya mwisho, wala si katikati ya kazi. Katikati ya kazi bado anakuhitaji, hivyo kusema kunamfaa. Baada ya kupokea, jambo pekee ambalo neno lake linaweza kuleta ni kudaiwa. Mtu mwema mwenye shughuli nyingi na mtu mwenye nia mbaya watafanya vilevile, nawe ukiwa nje huwezi kuwatofautisha. Angalieni jinsi sentensi ingekuwa tofauti kama ingesema hivi: "Salio litalipwa ndani ya siku 14 tangu faili za mwisho kutumwa, masahihisho yaletwe ndani ya siku 7, yasipoletwa kazi itahesabiwa kuwa imekubaliwa." Mteja huyohuyo, kimya kilekile, lakini sasa kila siku anayonyamaza inamsogeza karibu na deni.

DIZAINA: Nakubali, lakini sentensi hiyo nitaiandika kwa mteja ajaye. Huyu je? Mkataba umeshaandikwa vibaya. Mwatibu vipi?

WAKILI: Kwa kuonyesha kwamba aliidhinisha kwa matendo. Mtu akiichukua kazi, akaipeleka kwa mpiga chapa, akaigawa kwa wanachama wake na kuipandisha kwenye tovuti, hawezi kurudi na kusema hajaikubali. Mwenendo wake umesema kwa niaba yake. Lakini uwe na ushahidi. Umepata nakala iliyochapwa?

DIZAINA: Ninayo. Binamu yangu ni mwanachama, alirudi nayo kutoka mkutanoni. Ukurasa wa 31 una chati ya mikopo chechefu niliyoichora usiku wa mwisho, na kule nyuma kabisa kuna jina la mpiga chapa. Hawakubadilisha hata nukta.

WAKILI: Basi hiyo nakala ina uzito kuliko maneno yote ya hakimiliki uliyotaka kuwaandikia. Iweke pamoja na barua pepe ya oda, ujumbe wa M-Pesa wa arbuni, na barua pepe ya tarehe 11 Machi pamoja na lile jibu la "tumepokea". Piga picha ya ukurasa wa tovuti yao tarehe ikionekana, kabla hawajaitoa. Unaona? Ungewalazimisha waiondoe mtandaoni ungekuwa unafuta ushahidi wako mwenyewe.

MWANDISHI: Na ujumbe wa kwanza ungekuwa mfupi. Usimwendee meneja peke yake. Uende kwa mhasibu, nakala kwa meneja na kwa katibu wa chama. Ningeuandika hivi: "Habari za asubuhi. Ripoti ya mwaka, kurasa 48, ilitumwa tarehe 11 Machi na kugawiwa kwa wanachama katika mkutano mkuu wa tarehe 28 Machi. Salio ni shilingi 54,000. Ankara ya eTIMS nimeiambatisha. Naomba kujua kama kuna karatasi nyingine inayohitajika ili malipo yatoke, na tarehe ambayo yatatoka." Tazameni kinachoombwa. Hakuna lawama, hakuna "nimekupigia mara nyingi", hakuna kusihi kwa sababu ya karo ya watoto. Kuna mambo mawili tu ya kujibu, karatasi na tarehe. Anayetaka kulipa lakini amekwama kwenye karatasi atajibu upesi, kwa kuwa kutaja karatasi hakumgharimu kitu na kunamwondolea mzigo. Asiyetaka kulipa, au asiye na pesa, atajibu "tunashughulikia" bila tarehe, au hatajibu. Ujumbe mmoja unakuonyesha uko na mtu wa aina gani, jambo ambalo simu zote za Aprili hazikufanya.

MHASIBU: Ni kweli, mimi ningejibu siku hiyo hiyo. Na dizaina asishtuke akipokea 51,300 badala ya 54,000. Tunakata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka KRA kwa jina lake, kisha cheti anakipata kwenye mfumo wao. Nimeona watu wakirudi kugombana juu ya 2,700 wakidhani wamepunjwa. Lakini niseme na hili, kwa kuwa mmeniweka hapa kama mtu wa upande ule. Kuna kimya ambacho karatasi hazikitibu. Pesa za mkutano mkuu huisha mkutanoni. Hema, chakula, nauli za wanachama, yote hulipwa siku ileile kwa sababu wanaodai wako mlangoni. Dizaina hayuko mlangoni. Fungu lake likishaliwa, anasubiri makadirio yajayo, na hakuna mtu ofisini atakayekuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo.

DIZAINA: Haya, hilo ndilo nililokuwa nikilisema tangu mwanzo! Wanalipa aliye mlangoni. Sasa mnaniambia niandike ujumbe wa adabu. Nikimwanika kwenye ukurasa wa wanachama wao nitakuwa nimefika mlangoni. Nitaandika tu ukweli: chama hiki kimetumia kazi yangu na hakijanilipa.

WAKILI: Ukweli ni utetezi, sikatai. Na tangu mwaka 2017, Mahakama Kuu ilipobatilisha kosa la jinai la kukashifu, hakuna wa kukufunga kwa kosa hilo. Lakini kesi ya madai ya kashfa bado ipo, na ukweli utauthibitisha wewe. Watu wakishakasirika hawaishii kwenye "hakijanilipa". Wanaongeza "wezi", wanaongeza "wanakula pesa za wanachama", na hayo huna ushahidi nayo. Unakuwa umekibadilisha chama kilichokuwa kinadaiwa 54,000 kuwa chama kinachokudai wewe fidia.

MWANDISHI: Mimi nina pingamizi nyingine hata kama Wakili asingekuwa nayo. Tishio la kuanika lina nguvu mara moja tu, kabla halijatekelezwa. Ukishaandika, mteja hana tena cha kuokoa kwa kukulipa. Jina limeshachafuka, na sasa kukulipa kunaonekana kama kukiri. Kinyume chake, kila karatasi ya deni inaongeza nguvu ya ile iliyoitangulia. Meneja akijibu tu "tutalipa mwezi ujao", hajakulipa, lakini amekiri kwa maandishi kwamba deni lipo na kiasi hakipingwi. Kuna wanaokasirishwa na jibu kama hilo wakalijibu kwa matusi. Mimi ningelishukuru, nikaandika: "Asante. Basi nahesabu shilingi 54,000 kulipwa kufikia tarehe 30 Mei." Pale palipokuwa na kimya sasa pana deni lenye tarehe, na limetoka kwao wenyewe.

DIZAINA: Na tarehe 30 Mei ikipita?

WAKILI: Hapo unaandika barua ya madai. Iende kwenye ofisi iliyosajiliwa, kwa mwenyekiti na katibu, ikieleza kazi, tarehe, kiasi, na siku 14 za mwisho. Usiiruke hatua hii hata ukiwa umechoka, maana aliyekimbilia mahakamani bila kudai kwanza anaweza kushinda akanyimwa gharama za kesi. Siku hizo zikipita, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai ya hadi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya huduma, na huhitaji wakili. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, hivyo ujumbe wako wa simu na nakala ya binamu yako vitasikizwa. Sheria inataka iamue ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Shtaki chama, si meneja. Meneja alikuwa mdomo wa chama, na ukimshtaki yeye binafsi utafukuzwa mlangoni.

MTAFSIRI: Siku 60? Jirani yangu alifungua kesi huko na miezi ikapita.

WAKILI: Hupita, sitakudanganya. Mafaili ni mengi kuliko waamuzi. Hata majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama hukumu iliyotolewa baada ya siku hizo ni halali au la. Na ukishashinda, hukumu yenyewe haitoi pesa. Ukikosa kulipwa unarudi kuomba akaunti ya benki izuiwe, au madalali watumwe. Hapa dizaina ana bahati, kwa kuwa chama cha akiba na mikopo kina ofisi, kina akaunti, na kinaogopa dalali aonekane getini wakati wanachama wanaweka akiba. Mteja wako wa Muskati angekuwa jambo jingine. Hukumu ya hapa ungeibeba mpaka wapi?

MTAFSIRI: Ndiyo maana mimi nawabembeleza. Ninyi mna mahakama, mimi nina upole tu. Mteja aliye ng'ambo akikasirika ameenda.

MWANDISHI: Na hilo sina jibu lake kamili. Ninachosema juu ya kufuata deni kinategemea kuwe na mahali pa kulifuatia. Mteja akiwa nje ya uwezo wa mahakama zako, nguvu yote inarudi kwenye mpangilio wa malipo kabla ya faili kutoka, na baada ya hapo unabaki na hiari yake. Ila hata kwake ningeshika lile la karatasi na tarehe, kwa sababu kampuni za Muskati nazo zina wahasibu.

DIZAINA: Basi tuje kwenye faili kutoka, kwa kuwa hapo ndipo nitakaposimama mwakani. Machi itafika tena. Chama kingine kitaniita siku chache kabla ya mkutano, mpiga chapa anasubiri, na kitaniambia salio baada ya mkutano. Ninyi nyote mmenifundisha namna ya kudai. Mimi nataka nisidai. Sitatoa PDF ya kuchapa bila salio. Nitawapa ya kusoma tu, picha zimepunguzwa ubora na alama imepita katikati ya kila ukurasa.

MHASIBU: Na mimi sitalipa salio la kitu ambacho mpiga chapa hajakifungua. Mwaka mmoja tulilipa yote, faili ikafika kwa mpiga chapa, rangi zikawa za skrini na kingo za kukatia hazimo. Dizaina naye alikuwa ameshasafiri. Wewe unamwogopa mteja anayenyamaza. Nami namwogopa fundi anayenyamaza akishalipwa. Kamati ikiniuliza kwa nini nililipa kabla ya kupokea, sina la kusema.

DIZAINA: Tugawe basi. Asilimia 40 kuanza, 40 mkiona kurasa zote za kusoma, na 20 faili ikishafunguka kwa mpiga chapa. Ile 40 ya pili isipoingia, faili haitoki, hata mkutano uwe kesho.

MHASIBU: Ile 40 ya pili naweza kuitetea mbele ya kamati, maana kurasa wameziona. Lakini neno "haitoki hata mkutano uwe kesho" hakuna meneja atakayelitilia sahihi. Ataenda kwa dizaina mwingine.

DIZAINA: Aende. Salio lake litamfuata huyo mwingine.

WAKILI: Liandikeni hata hivyo, na lile la hakimiliki liwe chini yake. Meneja akikataa kutia sahihi, dizaina atakuwa amejua mapema, kazi ikiwa bado iko kwenye kompyuta yake.

MHASIBU: Na ankara ya eTIMS ya kila awamu ije kwangu, si kwa meneja.